Hapa Pana Mtu?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisafiri kwa daladala kati ya Buhongwa na katikati ya jiji la Mwanza, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Ndani ya Haisi watu hawasemi mengi. Anayepanda huuliza kama kiti ni kitupu, aliyekaa hujibu, na mbele ya safari mmoja humuuliza mwenzake kama anashuka. Mazungumzo yote hayafiki maneno kumi. Hata hivyo, katika maneno hayo machache nimekuta kipande cha sarufi yetu ambacho vitabu hukipa ukurasa mmoja tu, nacho ni ngeli ya mahali.

Tuanze na swali la kiti. Mjini Mwanza utalisikia kwa sura tatu. Wapo wanaosema "Siti hii ina mtu?", wapo wanaosema "Hapa kuna mtu?", na wapo wachache, hasa watu wazima, wanaosema "Hapa pana mtu?" Swali la kwanza linauliza juu ya kifaa. Siti ni neno la kukopa, nalo limejitengea kazi yake: nyumbani tunakaa kwenye kiti, ndani ya gari tunakaa kwenye siti. Maswali mawili yanayofuata hayataji kifaa chochote. Yanauliza juu ya mahali. Mwenye kuuliza "Hapa pana mtu?" anakionyesha kituo kidogo cha nafasi, upana wa mapaja mawili, na kutaka kujua kama kimeshikwa.

Sarufi inatufundisha kwamba PA ni mahali mahususi, KU ni mahali pasipo dhahiri, na MU ni ndani ya kitu. Kwa kipimo hicho, "Hapa pana mtu?" ndilo swali lililokamilika, kwa kuwa hapa na pana vinavaa kiambishi kimoja. "Hapa kuna mtu?" limechanganya: limeanza na mahali mahususi, likaishia na mahali popote. Wasemaji hawajali, nami siwalaumu. Kuna imeenea hadi kuchukua kazi ya wenzake wawili, na msikilizaji haelewi vibaya. Tatizo haliko kwenye swali. Liko kwenye jibu.

Jibu la kawaida ni "Hapana." Tunalitumia neno hili kila siku kukataa jambo lolote, na tumesahau kwamba ni sentensi nzima. Ha ni ukanushi, pa ni mahali, na ni ile na ya kuwa na kitu. Hapana ni kinyume cha pana: mahali hapa hapana kitu. Neno lililozaliwa kueleza utupu wa mahali limepanda cheo likawa neno la kukanusha lolote. Unamuuliza mtu kama ana njaa, anakujibu hapana, na hakuna mahali panapozungumzwa hapo. Lakini ile maana ya kwanza haijafa. Bado tunasema "hapana maji", "hapana nafasi". Kwa hiyo neno moja linafanya kazi mbili, na aghalabu kazi hizo hazigongani. Mtu akiuliza "Hapa pana mtu?" akajibiwa "Hapana", maana zote mbili zinamwambia akae.

Zinagongana pale swali linapoulizwa kwa ukanushi. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Pale Nyegezi, penye kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, alipanda bibi mmoja mwenye kikapu, miguu imemvimba, aliyekuwa ametoka safari ya mbali akielekea Hospitali ya Bugando. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Kando ya kijana mmoja palikuwa na nafasi, juu yake pamewekwa begi. Bibi akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, hapa hakuna mtu?" Kijana akajibu, "Hapana." Bibi akashukuru, akasogea, akashika chuma cha juu na kubaki ameinama, kwa kuwa ndani ya Haisi hata mtu mfupi hawezi kusimama wima.

Tukapita Butimba. Tulipokaribia Mkuyuni, konda akauliza kwa ukali, "We kijana, hiyo siti ina mtu?" Kijana akashangaa. "Haina. Nimeshamwambia bibi hapana mtu." Bibi naye akasema, bila hasira, "Baba, uliniambia hapana."

Wote wawili walisema kweli. Kijana alijibu kwa hapana ile ya zamani, yaani mahali hapa hapana mtu, ni kama unavyosema. Bibi alisikia hapana ya kukataa: sivyo unavyosema, pana mtu. Swali la kukanusha liliyafungulia maana zote mbili mlango, na kila mmoja akaingia kwa mlango wake. Begi lile juu ya siti likamfanya bibi aamini maana iliyomtesa. Alikaa, kijana akampokea kikapu, lakini vituo kadhaa vilikuwa vimekwisha kupita juu ya miguu ile.

Hata kama kijana angejibu "Ndiyo", shida isingekwisha. Katika Kiswahili, ndiyo huafiki kauli iliyosemwa, hata kauli yenyewe ikiwa ya kukanusha. "Hapa hakuna mtu?" "Ndiyo", maana yake ni kweli, hakuna. Msikilizaji aliyezoea kuwa ndiyo ni dalili ya kuwapo kwa kitu atadhani siti ina mwenyewe. Dawa basi ni nyepesi. Anayeuliza na aulize kwa uyakinishi: pana mtu, kuna mtu. Anayejibu na asiliache neno peke yake, aliongezee jingine moja: hapana mtu, au hapana, kaa.

Lipo pia jibu ambalo halina utata, nalo ni "Hakuna." Linganisha wale ndugu watatu, hapana, hakuna na hamna. Muulize mtu, "Unakwenda Igoma?" Anaweza kukujibu "Hapana." Kijana wa siku hizi anaweza hata kukujibu "Hamna", nawe ukamwelewa, maana neno hilo nalo limeanza kuifuata njia ya kaka yake. Lakini hawezi kukujibu "Hakuna." Neno hakuna lingali limeshikamana na kuwapo na kutokuwapo kwa vitu, halijawa neno la kukataa. Kwa hiyo ukiuliza juu ya siti kwa namna yoyote, hata kwa ukanushi, na ukajibiwa "Hakuna", kaa bila wasiwasi.

Na siti ikiwa imeshikwa na mtu asiyeonekana, jibu ni "Yupo." Mwenyewe ameshuka kununua maji, ameacha leso au gazeti, lakini yupo. Tazama kiambishi kile kile cha mahali kimerudi mwishoni mwa neno kwa sura ya po. Yupo ni wa mahali hapa mahususi. Mwenye siti angali nje ya gari, kwa hiyo kusema yumo lingekuwa kosa, na kusema yuko kungemwacha mahali popote duniani. Yupo ndilo linalomrudishia nafasi yake: mwili haupo, haki yake ipo.

Gari likiisha kuondoka, po ile ile inahamia kwenye vituo. Konda hutangaza, "Mkuyuni wapo?" Hatuulizi ni nani hao. Wa ni watu, po ni mahali, nao ni wale ambao kituo hicho ni chao. Mwenye kushuka hujibu "Wapo!" au "Shusha!" Asipojibu mtu, konda hagongi bodi na dereva hapunguzi mwendo. Katika mazungumzo haya kimya nacho ni neno, na maana yake ni hapana.

"Shusha" lina la kuangaliwa. Abiria hasemi "nashuka" anapomwambia konda, maana kushuka si kazi ya konda. Anatumia kauli ya kutendesha, shuka ikawa shusha, kama waka ilivyozaa washa na amka ikazaa amsha. Hataji anayeshushwa wala mahali. Vyote viwili vinajulikana kwa sauti yake na kwa kituo kilichotajwa. Lakini kwa jirani aliyemzibia njia, neno linabadilika: "Unashuka?" Hapo kauli ya kutendesha haina kazi, kwa kuwa jirani hana mamlaka ya kumshusha mtu.

Swali hili nalo lina umbo lake. Hatuulizi "Utashuka?" ingawa kituo bado hakijafika. Wakati ujao ungelifanya liwe kama utabiri, au kama agizo. Na inachukua mpango uliokwisha kuwamo moyoni mwa mtu na kuuhesabu kuwa umeanza. Tofautisha pia "Unashuka?" na "Unashukia wapi?" La kwanza linaulizwa na mwenye kutaka kupita, naye hataki jina la mahali. Akijibiwa "Nashuka", atamfuata jirani yake mlangoni. Akijibiwa "Bado", atasema "Naomba nipite." La pili, lenye kauli ya kutendea, mara nyingi huulizwa na aliyesimama anayeipigia hesabu siti ya mwenzake. Kwa rika lako ni swali la kawaida. Kwa mtu mzima huonekana kama unamhimiza aondoke, ndiyo maana vijana wenye adabu hutanguliza shikamoo, wakangoja marahaba, kisha wakauliza kama mama anashuka hapo mbele. Mama akisema ndiyo, mwenyewe ataongeza, "Njoo ukae."

Nawaachia washairi jambo moja la kuhesabu kwa vidole. "Mama, hapa pana mtu?" lina mizani nane. "Hapana mtu, kaa tu" nalo lina nane. Swali na jibu lake, likiulizwa kwa uyakinishi na kujibiwa bila kukatwa, vinatoa mshororo mzima wa mizani kumi na sita, ukwapi na utao. Punguza jibu libaki "Hapana" peke yake, na kipande cha pili kinakosa mizani tano. Hizo tano ndizo zilizokosekana kati ya Nyegezi na Mkuyuni.