Bei ya Mjengo Imepanda? Itisha Barua, Si Simu

Kuna simu moja ambayo kila mtu anayejenga hapa Kenya huiogopa. Inaingia saa kumi jioni, fundi ameshusha sauti, anaanza na "Bosi, kuna kitu kidogo tumepata huku saiti." Hicho kitu kidogo huwa hakikosi sifuri tano.

Mimi nimekulia upande wa pili wa hiyo simu. Buda ni mkandarasi mdogo, na mimi ndiye humchapia kwotesheni na barua zake tangu nimalize fomu foo. Zamani alikuwa anapiga simu tu. Kuna mteja mmoja alimpigia kumwambia wamepata mwamba chini ya ploti, jamaa akasema "sasa umeanza", akakata, na mjengo ukasimama kwa kozi ya tatu. Mwamba ulikuwa wa ukweli, lakini kwa simu mwamba wa ukweli na mwamba wa uongo vinasikika vilevile.

Ndiyo maana ile kazi ya Kitengela ilipoharibika, buda alikuja nyumbani na matope hadi magotini, akaniambia, "Fungua laptopu. Leo tunaandika."

Stori yenyewe iko hivi. Mteja alikuwa mwalimu aliyestaafu, anajenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, mita 10 kwa mita 10. Bei tulikubaliana ni shilingi 4,200,000, na ndani yake kulikuwa na 200,000 za dharura. Kabla ya kutoa bei, buda alichimba shimo moja la kupima karibu na geti. Udongo mweusi wa pamba ulikuwa nusu mita tu, halafu chini yake muramu mgumu, ile changarawe nyekundu ya barabara za mashinani. Akapiga hesabu ya nusu mita.

Kama umewahi kuishi Kitengela au Syokimau unaujua huo udongo. Mvua ikinyesha unanata kwa gambuti mpaka unatembea kama umevaa matofali. Kiangazi kikija unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Hiyo kufura na kusinyaa ndiyo shida. Ukijenga juu yake, udongo wa pembeni mwa nyumba unalowa na kuinuka wakati ule wa katikati bado ni mkavu. Nyumba inabebwa upande mmoja na kuachwa upande mwingine. Baada ya misimu kadhaa unaona ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha, na mlango wa jikoni unakataa kufunga kila Aprili. Wengi wanamlaumu fundi wa plasta, na plasta haina makosa.

Sasa, ile ploti ilikuwa na mteremko. Pale getini udongo mweusi ulikuwa mfupi, lakini nyuma ulikuwa umekusanyika. Vijana walipoanza kuchimba, nusu mita ikaisha na bado ni nyeusi. Mita moja, bado. Buda akasimamisha kazi, akachimba mashimo mengine 4, moja kila pembe ya nyumba, akamwita mhandisi. Muramu ulipatikana kati ya mita 1.3 na 1.5. Wastani, mita 1.4.

Hii ndiyo barua aliyotuma:

"Mpendwa Mwalimu,

Nakuandikia kabla sijaendelea na kazi, na sitaendelea mpaka unijibu.

Kwotesheni yangu, kipengele cha 3, ilisema bei imehesabiwa kwa udongo mweusi wa mita 0.5, na ukizidi hapo tutapima kazi ya ziada kwa bei zilezile. Tumepata wastani wa mita 1.4. Tofauti ni mita 0.9 chini ya nyumba nzima. Nimeambatisha picha za mashimo 4, kila moja ikiwa na futi ya kupimia ndani, na maelezo ya mhandisi. Mashimo nimeyaacha wazi na kuyazungushia uzio ili uje upime mwenyewe au ulete mtu unayemwamini.

Kazi inayoongezeka ni hii:

Kuchimba mita za ujazo 90, kwa 400: 36,000.
Kubeba udongo, lori 12 kwa 6,000: 72,000.
Muramu wa kujaza, lori 10 kwa 12,000: 120,000.
Kumwaga na kushindilia mita za ujazo 78, kwa 250: 19,500.
Ukuta wa msingi wa mawe ya Ndarugo, mita mraba 54 kwa 2,200: 118,800.

Jumla ni 366,300. Tukitoa 200,000 za dharura ambazo tayari ziko kwa bei yako, unaongeza 166,300. Bei mpya ya kazi yote ni 4,366,300. Muda utaongezeka siku 8 za kazi. Paa, madirisha, mabomba na mengine yote yanabaki vilevile.

Kuna njia ya pili: kushusha nguzo za zege mpaka kwa muramu, na slabu isiguse udongo. Hiyo inahitaji mchoro mpya wa mhandisi na vyuma zaidi, na naweza kukupa bei yake kwa wiki moja. Njia ya tatu, ya kuacha udongo na kumwaga slabu juu yake, siwezi kuifanya hata ukisema nifanye.

Mwisho, kosa langu. Ploti yenye mteremko ilihitaji zaidi ya shimo moja la kupima. Siku 3 ambazo vijana wamekaa bila kazi, pamoja na mashimo mapya, nimezilipa mimi na hazimo kwenye hesabu hii.

Wako katika kazi."

Sasa wacha niwaonyeshe ndani ya hii barua, kwa sababu siku moja utapokea moja, kama si yako basi ya mamako.

Angalia kwanza kile kipengele cha 3. Kisingekuwepo, Mwalimu angekuwa na haki ya kusema, "Uliniambia 4,200,000, hiyo ya chini ya ardhi ni yako." Kwa hivyo barua nzuri ya kupandisha bei huanza siku ile ya bei ya kwanza. Ukipewa kwotesheni yenye neno "msingi" na jumla moja tu, bila kina, uliza: umehesabu mita ngapi, na zikizidi itakuwaje? Kama hana jibu, hiyo bei ni ya kukubembeleza usaini.

Pili, bei ya kila kipimo haikubadilika. Lori la muramu lilikuwa 12,000 kwa kwotesheni ya kwanza na likabaki 12,000. Kilichoongezeka ni idadi. Hapo ndipo wezi hujificha: anakuletea tatizo la ukweli, halafu anatumia hilo tatizo kupandisha bei ya vitu ambavyo mlishakubaliana. Weka karatasi mbili kando kwa kando. Idadi ikipanda, uliza ushahidi. Bei ya kipimo ikipanda, uliza kwa nini.

Tatu, hesabu inafuatika, na hapa ndipo nina kitu cha kukiri. Mita 0.9 kwa mita mraba 100 ni mita za ujazo 90, hiyo ni rahisi. Udongo ukichimbuliwa hulegea na kufura, mita 4 za ardhini zinakuwa karibu 5 kwa lori. Kwa hivyo 90 zinakuwa 112 na nusu, na lori la mita 10 linaenda safari 12. Sawa. Lakini kwa karatasi ya kwanza ambayo buda alinipa nichape, muramu wa kujaza pia ulikuwa lori 12. Shimo la 90, jaza 90.

Nikachapa nikafika kwa ukuta nikasimama. Ukuta wa msingi nao unashuka mita 0.9 ndani ya hilo shimo. Urefu wake wote ni mita 60, kwa hivyo ni mita mraba 54, na jiwe lina unene wa karibu sentimita 22 na nusu. Hiyo ni mita za ujazo 12 za mawe. Pale penye jiwe hapaingii muramu. Kinachobaki cha kujaza ni 78, ambazo kwa lori ni 97 na nusu. Lori 10, si 12.

Nikamwambia, "Buda, kuta zinachukua nafasi." Akaichukua karatasi, akaikodolea macho kitambo. Lori mbili ni 24,000, na za kushindilia 3,000. Elfu 27. Tulijua wote wawili kwamba Mwalimu hangeona. Na tulijua pia kwamba mwezi huo kodi ya stoo ilikuwa bado.

"Hiyo imetoka kwa fomeni," akasema. Halafu akasema, "Rekebisha."

Sijui kama angesema hivyo kama singekuwa nimekaa hapo. Nimemuuliza baadaye, akacheka tu. Lakini nimeelewa kwamba barua yenyewe ilimsaidia. Kwa simu angesema "kama laki nne hivi, Mwalimu" na hakuna mtu angewahi kujua kuna elfu 27 zimejibanza ndani. Kwa maandishi, kila lori lilihitaji sababu ya kuwepo.

Mwalimu hakujibu siku mbili. Siku ya tatu alikuja saiti na kijana wa ndugu yake na futi yake mwenyewe, wakapima mashimo yote manne. Moja lilisoma mita 1.32, na kwetu tulikuwa tumeandika 1.3. Akauliza kwa nini njia ya tatu haiwezekani, buda akampeleka nyumba ya tatu kutoka hapo akamwonyesha ufa kwa ukuta, juu ya dirisha. Akarudi akasaini.

Hakuwa na 166,300 taslimu. Wakakubaliana dari ya gipsamu isubiri, kwa sababu dari unaweza kuweka hata baada ya miaka mitano, na msingi hauongezi baada ya kuhamia. Hilo nalo wakaliandika chini ya barua, wakasaini wote.

Kwa hivyo ukipigiwa ile simu ya saa kumi, usipige kelele na usiseme sawa. Sema, "Simamisha kazi, acha shimo wazi, niandikie." Mwenye shimo la ukweli ataandika.