Kati ya Jumatano na Jumamosi

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alibaki darasani baada ya wenzake kutoka. Nilidhani anataka kuongezewa siku za kuwasilisha kazi yake. Badala yake aliniuliza, huku akitazama sakafu, inakuwaje mtu akubusu siku ya Ijumaa kwa hiari na kwa furaha, kisha Jumatatu akupite kama mti wa kando ya barabara. Ushahidi wake ulikuwa kwenye simu: tiki mbili za buluu, saa ambayo binti alionekana mtandaoni kwa mara ya mwisho, picha aliyoibadilisha usiku wa manane. Alikuwa amevisoma vitu hivyo kama mganga anavyosoma ramli, na ramli yake ilikuwa imemwambia kwamba yupo mwanamume mwingine.

Sikumjibu siku ile. Jibu nililo nalo lilinigharimu likizo nzima ya mwaka 1995, huko Matema wilayani Kyela, na si jibu la kutolewa mlangoni mtu akiwa bado ameshika chaki.

Wasiopafahamu Matema wajue kwamba ni pale Milima ya Livingstone inaposhuka hadi kwenye maji, katika pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Jirani yake ni Lyulilo, penye soko la Jumamosi, ambako wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Vyungu hupangwa mchangani kwa mamia, na watu hushuka kutoka pande zote za Kyela kuvinunua. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo kikuu kwa likizo yangu ndefu ya kwanza, nina miaka 22 na kiburi cha kutosha. Yeye alikuwa akisomea ualimu. Jina lake sitalitaja.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba tulirudi pamoja kutoka sokoni kwa njia ya ufukweni. Jua lilikuwa limezama, na mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu. Nyuma ya mmoja wa mitumbwi ile tulibusiana. Nalisema hili waziwazi kwa sababu lina uzito katika hesabu inayofuata: ni yeye aliyesogea kwanza, na ni yeye aliyecheka baadaye.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta njiani amebeba chungu kichwani. Aliniamkia kwa wingi, kama mtu anavyowaamkia wakubwa katika lugha yetu, asisimame. Jumatatu mdogo wake alikuja kunirudishia kitabu changu, bila neno. Alianza kwenda kuteka maji kwa njia nyingine, ndefu zaidi. Nilipopita kwao, mama yake alijibu hodi yangu na kusema binti amelala, saa kumi za jioni.

Nikaanza kusoma. Somo langu la kwanza lilikuwa la kitoto: pengine nilinuka dagaa. La pili lilikuwa la wivu. Nilikuwa nimemwona akishuka kwenye gari la mnunuzi wa kakao, na gari lile likawa kwangu ushahidi kamili, ingawa lilikuwa limebeba nusu ya kijiji. La tatu ndilo linaloniaibisha hadi leo, maana lilikuwa la kisomi. Katika maktaba ya chuo nilikuwa nimesoma kitabu cha Monica Wilson kuhusu Wanyakyusa, kilichochapishwa mwaka 1951, nikajua kwamba mke alipaswa kumkwepa kabisa baba mkwe wake, asimtazame wala asilitaje jina lake. Kutokana na hayo nikajenga nadharia kwamba binti yule alikuwa ananikwepa kwa heshima, kwa kuwa moyoni mwake nimekwisha kuwa mtu wa ukweni! Nilikuwa nimeifanya baridi ya mtu kuwa sifa yangu mwenyewe, na mwanamke niliyekua naye jirani nikamweleza kwa kitabu.

Masomo yote matatu yalikuwa na kasoro moja. Niliihesabu siku ya busu kuwa ndiyo mwanzo wa mabadiliko, kwa sababu busu ndilo lililokuwa kubwa kwangu. Kisha nikatafuta sababu ndani ya nafsi yake: ana mwingine, anajuta, ana haya. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliupa jina mwelekeo huu wa kueleza tendo la mwenzako kwa tabia yake huku ukiyasahau mazingira yaliyomzunguka. Bibi yangu hakumjua Ross, lakini aliniondoa katika kosa hilo kwa swali moja. Tulikuwa tunapeta mchele. Aliona siku kadhaa sili, akaniuliza:

"Mjukuu wangu, mara ya mwisho alikuchekea lini?"

Sikuwa nimejiuliza. Nilipofikiri, nikakumbuka kwamba Jumapili, siku moja baada ya busu, alinitumia mapapai mawili kwa mkono wa mdogo wake. Jumatano tulikutana yeye akitoka kuteka maji, tukasimama kwa muda mrefu hata ndoo ikamchosha kichwa, akaishusha. Alicheka. Akasema kitabu anakaribia kukimaliza na kwamba tutabishana juu ya mwisho wake. Basi kwa siku nne baada ya busu hakuwa amebadilika hata kidogo. Lililobadilika lilibadilika kati ya Jumatano na Jumamosi, na busu lenyewe halikuhusika.

Ndiyo maana nilipokutana tena na yule mwanafunzi, jambo la kwanza nililomwomba ni tarehe mbili: dalili ya mwisho ya ukunjufu na dalili ya kwanza ya baridi. Simu haisaidii sana hapo, kwa kuwa tiki humwambia mtu kwamba ujumbe umesomwa, haimwambii umesomwa katika hali gani. Kisha ajiulize kama mwenzake amebadilika kwake peke yake au kwa watu wote. Mtu aliyepata habari ya msiba au ya kukosa ada hujitenga na wote. Aliyejitenga na mmoja ana jambo na huyo mmoja. Wangu alikuwa bado anaimba kwaya, bado anacheka na wenzake sokoni. Na kama baridi ilianza palepale baada ya busu, pasipo siku hata moja ya ukunjufu katikati, lazima mtu awe na ujasiri wa kujiuliza kama busu lile lilitakiwa na wote wawili.

Sasa nieleze nilichokuwa nimekifanya mimi mwenyewe katika siku zile, ambacho katika ramli zangu zote sikukihesabu. Jumatatu jioni nilikaa na rafiki yangu wa rika moja, nikamsimulia. Sikuona ubaya. Wilson na mumewe, Godfrey, walioishi kwetu miaka ya 1930, waliandika jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyotoka kwa baba zao wakajenga vijiji vyao wenyewe vya rika, na jinsi raha ya kukaa na kuzungumza na wenzako, ambayo kwetu huitwa *ukwangala*, ilivyohesabiwa kuwa adili. Vijiji vile vilikuwa vimekwisha zamani nilipozaliwa, lakini adabu yake ilibaki: mtu mwema hamfichi mwenzake wa rika. Kwangu siri ilikuwa mali ya kugawana. Sikujiuliza nani angelipia mgawo huo. Nikazidisha: baridi ilipoanza, rafiki yule yule ndiye niliyemtuma akamdodose kupitia shoga yake. Alirudi na jibu la "hana neno", ambalo wajumbe wengi hurudi nalo.

Swali la bibi lilinionyesha kwamba sina budi kumwuliza mwenyewe. Nilichagua Jumamosi, mchana, sokoni, karibu na vyungu, penye watu wa kutosha kumwezesha kuondoka wakati wowote bila kushikwa wala kuaibika. Nilikuwa nimejizuia kuanza na "mbona umebadilika?", kwa sababu hilo si swali bali ni mashtaka, na mshtakiwa hujitetea. Nikasema nilichokiona tu: "Jumatano tulicheka. Tangu Jumamosi unapita mbali nami. Nadhani kuna jambo limetokea katikati, na pengine ni langu. Ukitaka kuniambia nitasikiliza. Usipotaka, sitakuuliza tena."

Alikigonga chungu kwa kidole, kama wafanyavyo wanunuzi kusikia kama kina ufa. Akakirudisha, akachukua kingine.

"Alhamisi nilipeleka mpunga mashine," alisema. "Kulikuwa na foleni. Mtu akaniuliza, mbele ya mama wadogo wawili, kama mtumbwi ule ulikuwa na nafasi ya watu wawili. Wakacheka wote. Kaka, nyuma ya mtumbwi tulikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Mimi sikusema."

Zamani aliniita kwa jina langu. Nilitaka kueleza habari za rika, na kwamba niliyemwambia ni mmoja tu, na kwamba sikukusudia. Kwa bahati nikakumbuka kuwa nilikuwa nimeahidi kusikiliza. Nikasema, "Ni mimi niliyesema." Akanieleza basi mengine: kwamba dada yake aliozwa mwaka mmoja kabla ya kumaliza masomo, baada ya maneno kama yale yale, kwamba baba yake alikuwa amekwisha kuuliza ada ya chuo inaenda wapi, kwamba njia ndefu ya maji ilikuwa ya kuyanyima maneno chakula. Hakuwa ameacha kunipenda, wala hakuwa na mwingine. Alikuwa anailinda ada yake.

Hapa naomba kusimama kidogo kwa ajili ya wasomaji wangu walio watumishi wa umma na walimu wenzangu. Utaratibu huu ni wa watu walio sawa. Kama wewe ndiye unayesahihisha mtihani wake, unayesaini likizo yake au unayependekeza cheo chake, usimwulize kwa nini amejitenga. Swali lako lina mhuri, na kujitenga kwake ndilo jibu pekee aliloweza kulitoa bila kudhurika. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki; lakini hata asiyedai chochote anapaswa kujua kwamba aliye chini yake hawezi kumjibu kwa uhuru.

Binti yule hakunisamehe siku ile. Alilipa chungu chake, akakitwika, akaondoka. Nilitimiza ahadi: sikuuliza tena, sikutuma mtu, sikupita kwao. Rafiki yangu nilimwambia kwamba habari ile haikuwa yangu ya kutoa, akaniona nimeharibiwa na chuo. Katikati ya mwezi wa tisa, siku mbili kabla sijapanda basi la kurudi masomoni, nilikutana naye kwenye njia fupi ya maji. Hakushusha ndoo. Lakini aliniamkia kwa umoja.