Chumba cha kwanza ugenini: hosteli, fleti au nyumba ya wenyeji?

Mwanetu alipopata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya uhandisi wa maji katika mji wa Köln, Ujerumani, sisi wazazi wake hapa Bariadi tulidhani mtihani mkubwa umekwisha. Ndugu walikuwa wamechangia, pamba ilikuwa imeuzwa, na fedha za kujikimu ambazo serikali ya Ujerumani humtaka mwanafunzi mgeni azioneshe zilikuwa zimepatikana. Kuanzia Septemba 2024 kiwango hicho kilikuwa yuro 11,904 kwa mwaka, na mwanafunzi huruhusiwa kutoa yuro 992 tu kwa mwezi. Lililobaki lilionekana dogo: kijana atalala wapi? Ndilo lililotukosesha usingizi.

Mbele yetu kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni hosteli ya shirika linalohudumia wanafunzi wa mji ule: chumba chenye kitanda na meza, na kodi inayojumuisha umeme, maji na joto la wakati wa baridi. Ya pili ni fleti ambayo vijana watatu au wanne huipanga pamoja, kila mmoja na chumba chake, jiko na bafu vikiwa vya wote. Ya tatu ni kukaa katika nyumba ya wenyeji.

Tuliitaka hosteli, lakini tulichelewa. Mwanetu alisubiri viza ndipo aombe chumba, na jibu likaja kwamba orodha ni ndefu, labda atapata muhula wa pili unaoanza Aprili. Laiti angeomba siku ile ile aliyopokea barua ya chuo!

Basi tukageukia fleti. Mtandaoni alipata chumba kizuri karibu na chuo kwa yuro 450 kwa mwezi. Mwenye nyumba aliandika kwa adabu kwamba yuko safarini nje ya nchi, hivyo atumiwe kodi ya mwezi mmoja na dhamana ya miezi miwili, jumla yuro 1,350, naye atatuma funguo kwa posta. Hizo ni karibu shilingi milioni nne. Tulikuwa tumekwisha kwenda benki pale mjini, ila mama yake akasema, "Hata ng'ombe wa mnadani hatumlipii kabla hatujamwona meno." Tukamwomba kijana wa Kitanzania anayesoma kule aende akaitazame nyumba. Alikuta anwani ile ni ya kliniki ya meno.

Baadaye tulijifunza kwamba sheria ya Ujerumani ilikuwa imetupa kipimo. Dhamana haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za umeme na maji, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, fungu la kwanza likilipwa upangaji unapoanza. Anayedai yote kabla funguo hazijashikwa, tena mwenyewe haonekani, huyo tumkimbie. Kuna na jambo la pili la kuulizia. Anayehamia nyumba kule hutakiwa kuandikisha anwani yake serikalini ndani ya wiki mbili, akiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mwanetu aliihitaji anwani hiyo iliyoandikishwa ili apate kibali chake cha kuishi. Kwa hiyo chumba cha bei nafuu ambacho mwenyewe anasema "usijiandikishe hapa" si nafuu kwa mgeni.

Ikabaki njia ya tatu, ambayo hatukuwa tukiijua. Katika miji kadhaa ya Ujerumani, Köln ukiwamo, kuna mpango uitwao Wohnen für Hilfe, maana yake makazi kwa msaada. Wazee wenye chumba kisichotumika humpokea mwanafunzi, naye badala ya kodi huwasaidia kazi ndogo za nyumbani. Kanuni yake ni saa moja ya kazi kwa mwezi kwa kila mita moja ya mraba ya chumba. Gharama za umeme, maji na joto mwanafunzi huzilipa mwenyewe, na kazi ya kumuuguza mgonjwa haimo. Mwanetu alipata chumba cha mita 14 kwa mzee mmoja na mkewe, wote wastaafu. Ikawa saa 14 kwa mwezi na yuro 90 za gharama.

Kabla hajasaini tulimtaka aulize mambo yaliyotutia hofu. Hapa Bariadi Waislamu hatuko wengi, lakini jirani zetu wakiwa na harusi humwita Muislamu achinje ili sote tule. Kule hakuna atakayeyafikiria hayo ikiwa hayakusemwa. Aliwaeleza kwamba hali nguruwe wala hanywi pombe, na akauliza kama katika kuwanunulia mahitaji sokoni kutakuwamo mvinyo. Mama wa nyumba alicheka, akasema mvinyo wataununua wenyewe. Walikuwa na mbwa, wakakubaliana kwamba asiingie chumbani anamoswalia. Alinunua sufuria, kikaango na kisu vyake, akavitunza chumbani.

Shida ilitokea mahali ambapo hatukutazamia. Novemba majani yalipoanguka, kazi ya bustani iliongezeka, na saa 14 zikawa kama 22. Wenyeji walikuwa wema, na wema ule ndio uliomfunga ulimi. Utamkatalia vipi mtu ambaye jana amekupa sweta? Mitihani ya Februari ilipokaribia tulimsihi aandike saa zake katika daftari na kulibandika kwenye jokofu. Mzee alipoliona akastaajabu, hakuwa akihesabu. Tangu siku hiyo mambo yakanyooka.

Nasi tukiri faida yake. Ramadhani ilipoingia Machi 2025, alipasha daku yake kimya kimya, na wenyeji wakazoea kumwachia jiko jioni. Alipougua homa na kutoshuka asubuhi, yule mama alimgongea mlango. Aprili alihamia hosteli alikokuwa akisubiri, na sasa analipa yuro 310. Anasoma kwa utulivu na hadaiwi saa na mtu. Lakini jiko ni la watu wanane, na milango yote imefungwa. Juzi aliumwa siku mbili pasi na mtu kujua, ila sisi huku kwa simu.

Kama tungeanza upya, tungeomba hosteli siku barua ya chuo inapofika, na wakati huo huo tukatafuta nyumba ya wenyeji kwa miezi ya mwanzo, masharti yakiwa yameandikwa: saa za kazi, gharama, na muda wa taarifa anayetaka kuondoka. Fleti tungeiacha mwisho, kijana akiwa amekwisha kufika, ili aikague kwa macho, aonane na atakaoishi nao, na ajue kama mkataba ni wake au yuko chini ya mpangaji mwingine. Mkataba usio na ukomo kule humtaka mpangaji, kwa kawaida, atoe taarifa ya miezi mitatu kabla ya kuhama. Akikosea kuchagua, kosa hilo atalilipia kodi ya miezi mitatu.

Sisi tulikuwa tukitafuta chumba kimoja cha mwaka mzima, na hilo ndilo lililokaribia kututia mikononi mwa tapeli. Chumba cha kwanza hakina budi kuwa halali, chenye anwani ya kuandikishwa na mlango wa kutokea. Kinachofuata kijana atakichagua mwenyewe, akiwa amekwisha kuijua njia ya msikitini.