Grafu Isiyo na Jina

Binti mmoja ninayemfundisha jioni hapa Nyarugusu aliniletea karatasi ya mazoezi. Ina grafu yenye nguzo za mvua, mstari mwekundu wa joto, na miezi 12 chini yake. Jina la mji limefutwa. Swali: taja aina ya tabianchi, toa sababu.

Yeye alishaandika jibu: Mediterania. "Mwalimu, si unaona? Juni, Julai na Agosti hakuna mvua."

Sikucheka, maana nami nikiwa mwanafunzi kwetu Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, niliandika jibu hilohilo na nikapata sifuri. Na grafu yenyewe niliitambua kabla ya kusoma namba. Ilikuwa ya Bujumbura. Huyu binti amezaliwa kambini, Bujumbura anaisikia tu kwa mama yake.

Nikamwambia, mwanangu, nguzo za mvua ziache kwanza. Anza na mstari wa joto. Tafuta mwezi wenye baridi kuliko yote. Akatafuta, akakuta nyuzi 23. Mwezi wa joto zaidi je? Nyuzi 25. Mstari umelala kama uzi wa kuanikia nguo. Kanuni ni hii: mwezi wa baridi kabisa ukiwa na nyuzi 18 au zaidi, uko kwenye tropiki, na Mediterania inatoka hapohapo. Algiers, ambayo ni Mediterania ya kweli, Januari ina nyuzi kama 11 na Agosti kama 26. Mstari wake unapanda kama mlima, na mvua inakosekana pale kileleni, kwenye joto kali.

Hapo ndo mtego ulipo. Nguzo za mvua za miji hii miwili zinafanana, zote zina shimo katikati ya mwaka. Kwa hiyo usiulize mvua imekosekana mwezi gani, uliza joto linafanya nini mvua inapokosekana. Cape Town nayo ni Mediterania, lakini iko kusini, kiangazi chake ni Desemba hadi Februari. Anayekariri majina ya miezi ataikosa.

Basi tukarudi kwenye mvua. Sisi tuliosoma shule za Burundi tulifundishwa njia ya Mfaransa Gaussen: mwezi ni mkavu kama milimita za mvua hazifiki mara mbili ya nyuzi joto. Joto likiwa 24, mpaka ni milimita 48. Tukahesabu pamoja. Aprili 125, mvua tele. Mei 57, imepita kidogo tu. Juni 11, Julai 5, Agosti 11, yote mikavu. Septemba 37, bado mkavu! Oktoba 64, mvua imerudi. Miezi mikavu minne, mvua ya mwaka kama milimita 850, joto halibadiliki: tropiki yenye kiangazi, ile ya savana.

Septemba ilimshangaza, maana nguzo yake inaonekana ndefu. Lakini sisi tuliokaa Gasenyi tunajua. Kiangazi, tunachokiita ici, hakiishi kwa manyunyu mawili. Vumbi linabaki pale pale. Na angalieni vipimo vya pembeni pia: njia hii inasomeka kwa macho pale tu upande wa mvua umeandikwa mara mbili ya upande wa joto, yaani 20 ya joto iwe sawa na 40 ya mvua. Mchoraji akitumia vipimo vingine, macho yanadanganya, inabidi uhesabu.

Akauliza: "Sasa Mwalimu, Februari ina 110. Ndo ile mvua mama anayoisema?"

Nikanyamaza kidogo. Mama yake anasema usiku wa tarehe 9 Februari 2014, maji yaliposhuka toka milimani yakabomoa nyumba za matofali ya udongo kwenye mitaa ya kaskazini. Walikufa watu zaidi ya 60. Mimi niliusimama usiku ule mpaka asubuhi, mtoto begani.

Nikamwambia hapana. Ile 110 ni wastani wa Februari za miaka mingi, kwa kawaida 30, zimejumlishwa zikagawanywa. Grafu inakuambia mji ni wa aina gani. Usiku mmoja haumo. Anayetaka kujua mtaro uchimbwe kina gani, au hema liwekwe wapi, aombe mvua ya kila siku, asiishie kwenye nguzo.

Akafuta Mediterania, akaandika jibu sahihi. Halafu juu ya grafu, pale jina lilipofutwa, akaandika kwa penseli: Bujumbura.