Diski yangu hupanda matatu kila Jumapili

Kila Jumapili baada ya lunchi mimi huenda steji ya Kitengela nikiwa na diski imefungwa kwa sweta kuukuu ndani ya begi. Napanda matatu ya Kajiado, tunapita Isinya, nashuka mjini, natembea hadi kwa shangazi. Namwachia diski hiyo, nachukua ile niliyoacha Jumapili iliyopita, nakunywa chai, narudi. Wasee wakisikia hii stori wanacheka. Ati mtu wa kidijitali anabeba data kwa matatu kama anabeba viazi. Sawa, chekeni, lakini kwanza niwaambie nilivyofika hapa.

Mnajua niliacha chuo. Kile sijawahi kuandika hapa ni kwamba pesa ya semista ya mwisho ndiyo ilinunua leptopu ninayotumia kurenda. Mzee alijua baadaye. Hakupiga kelele, alinyamaza tu, na kunyamaza kwa mzee wangu ni kubaya kuliko kelele. Kwa hivyo tulipopata kazi ya kwanza kubwa, katuni ya dakika 12 kuhusu kijiji na kisima kilichokauka, kwangu haikuwa kazi tu. Ilikuwa jibu langu kwake.

Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu wa rigi, na mwingine wa mandhari. Shoti 240. Wahusika, mbuzi, mitungi, miti ya migunga na nyumba, vyote pamoja kama vitu 150. Na folda yetu? Aki, naona aibu. Ilikuwa folda moja inaitwa `katuni mpya`, na ndani yake `shot 12 final.blend`, `shot 12 final2.blend`, `shot 12 final KWELI.blend`. Folda yenyewe ilikuwa kwa hifadhi ya mtandaoni inayojisawazisha kwa leptopu zote tatu. Tukajiambia, bekapu tunayo.

Siku moja leptopu ya mmoja wetu ikajaa. Akaona folda ya wahusika ni nzito na yeye siku hizo anafanya mandhari tu, akaifuta kwa mashine yake. Hifadhi ikafanya kazi yake vizuri kabisa: ikaifuta kwa mashine zetu zote. Halafu kwa sababu akaunti ilikuwa inasema imejaa, na takataka pia huhesabiwa kwa nafasi, akamwaga na takataka. Tuligundua baada ya siku nne, nilipofungua shoti nikakuta nyanya hayuko. Kisima kiko, mbuzi wako, nyanya hewa.

Simlaumu. Kosa lilikuwa letu sote, tulichanganya vitu viwili. Kusawazisha ni kioo: ukijikata nywele, kioo nacho kinakuonyesha bila nywele. Bekapu ni picha uliyopigwa jana. Haibadiliki eti kwa sababu wewe umebadilika.

Tulikuwa na diski moja ya nje iliyokuwa na nakala ya wiki tano nyuma. Nikaifungua nikiomba. Nyanya alikuwepo, lakini alikuwa wa pinki mwili mzima, na ukitumia Blender unajua pinki hiyo inamaanisha nini: picha za ngozi na nguo hazipatikani. Njia zake zote zilianza na `C:\Users\` na jina la mashine ya mwenzangu, mashine ambayo folda ilikuwa imefutwa. Tulirudia rigi, tukarudia shoti 31, tukachelewa wiki sita, na malipo ya pili yakachelewa nasi. Mzee akauliza, "Hiyo kazi yako iliisha?" Nikasema, "Bado, baba."

Baada ya hapo tulikaa siku mbili bila kuanimeti chochote, tukajenga nyumba upya. Ni hii:

```
kisima/
  01_hadithi/
  02_assets/
    chr/  prp/  env/
  03_shoti/
    sq030/
      sh0120/
  04_sauti/
  05_render/
```

Kanuni yake ni moja tu: kila kitu cha filamu kinaishi chini ya `kisima`. Hakuna picha kwa desktopu, hakuna sauti kwa folda ya vitu vilivyopakuliwa. Sababu ni ile pinki. Blender inaweza kukumbuka njia kwa kuanzia pale faili yenyewe ilipo, siyo kuanzia kwa mashine. Shoti yetu ikimtafuta nyanya inaandika hivi:

```
//../../../02_assets/chr/chr_nyanya.blend
```

Maana yake: panda ngazi tatu kutoka nilipo, kisha shuka kwa assets. Ukihamisha `kisima` nzima kwa diski, kwa mashine nyingine, hata kwa mashine ya mteja, bado anapatikana. Lakini kuna mtego uliotunasa: ukiweka picha kabla hujaseivu faili mara ya kwanza, Blender haijui "hapa" ni wapi, kwa hivyo inaandika njia ndefu ya mashine. Kwa hivyo seivu kwanza mahali pake, ndiyo uanze kazi. Na kabla ya kumpa mwenzako faili, nenda File, External Data, bonyeza Make Paths Relative, halafu Report Missing Files. Sekunde kumi tu. Kumbuka pia kwamba kwa Windows ujanja huu haufanyi kazi kama shoti iko D na picha iko C, ndiyo maana kila kitu kikae nyumba moja.

Majina sasa. Shoti inaitwa `sq030_sh0120_anim_v004.blend`. Inaonekana ndefu, lakini kila kipande kina kazi. Zile sifuri za mbele ni za mpangilio, kwa sababu programu nyingi hupanga herufi kwa herufi, na bila sifuri shoti 10 inakaa mbele ya shoti 2. Kuhesabu kwa kumi, 0110, 0120, 0130, ni kwa sababu dairekta wako lazima abadilishe mawazo. Mteja alipotaka msichana ageuke kabla ya kuinua mtungi, tuliingiza `sh0125` na hakuna shoti nyingine iliyobadilishwa jina. Tumerudia `sq030` kwa jina hata kama folda inasema hivyo, kwa sababu faili ikitumwa pekee yake kwa simu inajitambulisha yenyewe. Herufi zote ndogo, bila nafasi. Na neno final limepigwa marufuku. Toleo la mwisho ni lenye namba kubwa, basi.

Kwa wahusika tunafanya kinyume. Faili ambayo shoti zinaitumia haina namba: `chr_nyanya.blend`. Mwenzangu anafanyia kazi `chr_nyanya_v007.blend` kwa folda ya pembeni, na tukikubaliana ni nzuri, anainakili juu ya ile isiyo na namba. Shoti zote za nyanya, ziko 94, zikifunguliwa tena zinamwona nyanya mpya bila mtu kugusa chochote. Siku rigi mpya ilivunja vidole, tulirudisha `v006` kwa dakika moja. Kile usifanye ni kubadilisha jina la mfupa au la kundi ndani ya faili, kwa sababu shoti zinavitafuta kwa jina. Ukiita `mkono_k` kitu kingine, mkono unaacha kusonga na hakuna onyo litakaloruka usoni mwako.

Sasa turudi kwa matatu. Watu wa kazi hizi wana hesabu ya 3-2-1: nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja iwe mbali na nyumba. Ile ya mbali ndiyo ilitusumbua. Faili zetu za kazi ni GB 38. Kwa mtandao wetu wa Kitengela unaopandisha Mbps 5 ukiwa na bahati, hiyo ni kama saa 17 mfululizo, na stima ikienda katikati unaomba iendelee pale ilipoachia. Kubeba diski kwenda Kajiado ni haraka kuliko waifai.

Tuna diski mbili za mtumba zilizopimwa. Moja iko kwangu, nyingine kwa shangazi, na zinabadilishana. Jumamosi usiku naendesha hii:

```
robocopy D:\kisima E:\kisima /E /XD 05_render /LOG:E:\nakala.txt
```

`/E` inanakili folda zote na haifuti kitu kwa diski. Utaona watu wanapendekeza `/MIR`, lakini hiyo hufanya diski ifanane na mashine, ikiwemo kufuta. Ni kile kioo tena. `/XD` inaruka folda ya render, kwa sababu fremu 17,280 za PNG zilikuwa zinatuletea GB 52, na fremu unaweza kuzirenda tena. Rigi huwezi kuirenda. Ikiisha nafungua `nakala.txt` naangalia chini, safu ya FAILED. Isipokuwa sifuri, silali. Na kwa nini diski mbili? Kwa sababu faili ikiharibika Ijumaa, Jumamosi nitainakili ikiwa imeharibika juu ya nzima. Ile ya shangazi bado ina wiki iliyopita.

Nikipokea diski iliyotoka Kajiado, kabla ya kuandika juu yake nachomoa ya nyumbani, naiweka kwa mashine ya mwenzangu, nafungua shoti moja yoyote kutoka kwa diski yenyewe, narenda fremu moja. Nyanya akiwa pinki, nakala hiyo ni bure. Watu wa Pixar waliijifunza hii vibaya mwaka 1998. Amri moja ya kufuta ilikula sehemu kubwa ya Toy Story 2, wakaenda kwa bekapu, wakakuta haijakuwa ikifanya kazi sawasawa na hakuna aliyejua. Kilichookoa filamu ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na akawa anafanya kazi kutoka nyumbani. Walienda kuichukua mashine kwa gari, wakaifunika kwa blanketi. Kwa hivyo sweta langu lina ukoo.

Shangazi aliniuliza siku ya kwanza, "Mwanangu, hii ni nini naficha kwa kabati la vyombo?" Nikamwambia, "Shangazi, hiyo ni kazi yangu yote. Tafadhali usiipe mtu, na usiiweke karibu na maji." Akaizungushia leso, akaiweka juu.

Kisima iliisha. Usiku wa kurenda mara ya mwisho stima ilienda saa nane, tukapoteza fremu moja, kwa sababu tunarenda picha moja moja na siyo video nzima. Iliporudi tuliendelea na iliyofuata. Mteja alilipa, na nikampelekea mzee pesa ya semista ile. Hakusema mengi. Aliuliza kama ile leptopu bado ni nzima.

Nikamwambia hata ikifa kesho, baba, kazi iko Kajiado.