Alama ya kutoa mbele ya 1,5

Namba sikuzigusa. Hilo ndilo nililomwambia Papa wa labo siku aliponiita, na lilikuwa kweli: kila tarakimu iliyokuwa katika cheti cha Kiingereza ilikuwa katika karatasi yangu ya Kiswahili, na alama zake mahali pake. Nilichobadilisha ni neno moja tu juu ya safu ya tatu ya jedwali.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana katika Fakulti yetu tunazoea kutafsiri hadithi na hotuba. Huku Katanga kuna labo nyingi zinazopima madini ya shaba na kobalti. Labo inayotaka ithibati hufuata kanuni ya ISO/IEC 17025, na wakaguzi wakija, kwa mfano wale wa SADCAS kutoka Gaborone, huomba kuona kwamba kila kifaa chenye uzito katika matokeo kimelinganishwa na etaloni: mizani, vipimajoto, pipeti. Kulinganisha huko ndiko etalonaji. Si kutengeneza kifaa, wala si kukirekebisha. Ni kukiweka kando ya kifaa kinachoaminika zaidi na kuandika tofauti. Kifaa kinarudi vilevile kilivyokwenda, pamoja na cheti kinachosema kinadanganya kiasi gani.

Vyeti vya labo niliyokuwa nikiisaidia vilitoka nje ya nchi kwa Kiingereza. Nilivitafsiri kwa Kifaransa kwa ajili ya faili ya wakaguzi, na kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa kubandika ukutani, kwa sababu wanaokausha sampuli usiku hawana muda wa kufungua faili. Kifaransa hakikunisumbua sana, kwa kuwa msamiati umekwisha kuwekwa na kamusi ya kimataifa ya upimaji, ile inayoitwa VIM. Kiswahili ndicho kilichonipa kazi.

Shida ya kwanza ilikuwa sentensi iliyo chini ya karibu kila cheti. Inasema kwamba kiasi kilichoandikwa kando ya kila tokeo kimepatikana kwa kuzidisha kiasi cha msingi kwa k = 2, na kwamba hiyo inatoa kiwango cha kuaminika cha takriban asilimia 95. Kiasi hicho nilikiita "kutokuwa na uhakika kwa upimaji". Ilikuwa tafsiri ya neno kwa neno, na ndivyo ilivyopokelewa. Mama mmoja wa chumba cha mizani alisoma, akaniangalia: "Njo kusema habajui, na makuta tulisha kulipa?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba ana haki. Kwa masikio yake, asiye na uhakika ni mtu asiyejua kazi. Lakini cheti kinasema kinyume: aliyepima anajua vizuri hata mipaka ya kujua kwake, na ameipa namba. Kipimajoto chetu kilikuwa na 0,3 kwenye digrii 105. Maana yake ni kwamba tukichora kipande cha digrii 0,3 juu na 0,3 chini ya tokeo, tunatarajia kwa takriban nafasi 95 katika 100 kwamba thamani inayotafutwa imo ndani ya kipande hicho. Nilijaribu "kosa la upimaji", nikaliacha upesi, kwa sababu kosa ni jambo jingine kabisa, kama mtakavyoona. Mwishoni nilichukua "shaka", na nikaandika kila mara "shaka ya 0,3", kamwe si "shaka" peke yake. Nilifurahi baadaye kukuta kwamba hata mwongozo mkuu wa kimataifa wa jambo hili, GUM, unaanza kwa kukiri kwamba neno lake lina maana ya shaka katika lugha ya kila siku, kisha unalipa maana ya pili ya kihesabu. Namba ikishikamana na neno, neno linatulia.

Katika sentensi hiyohiyo niliteleza pahali ambapo mwalimu yeyote wa sarufi angenikamata. Niliandika: "Shaka huzidishwa kwa 2." Kwangu, *hu-* ilikuwa ya desturi: ndivyo wafanyavyo wao walioandika cheti. Fundi wa zamu aliisoma kama agizo, jinsi tunavyosoma kwenye chupa ya dawa kwamba dawa hunywewa baada ya chakula. Akazidisha. Katika daftari lake 0,3 ikawa 0,6. Hilo halikuleta hasara, kwa kuwa alijiongezea tahadhari asiyohitaji, lakini mkaguzi anayelinganisha daftari na cheti angeuliza mara moja 0,6 imetoka wapi. Sasa ninaandika: "Shaka hii imekwisha kuzidishwa kwa 2, usizidishe tena." Umbo la *-kwisha* nalitumia kwa sababu Lubumbashi hakuna anayekosa kulielewa. Ndilo lile *-isha* la yule Mama alipolalamika juu ya makuta. Na kwa anayefanya hesabu ya shaka ya labo nzima nimeongeza neno moja: kabla ya kuichanganya na shaka nyingine, agawanye kwanza kwa 2, apate 0,15, kwa maana hesabu hiyo huchanganya viasi vya msingi, si vilivyopanuliwa.

Sasa nije kwenye alama ya kutoa.

Kipimajoto kile kilikuwa cha tanuri ya kukaushia, ile wanayoiita etivi. Sampuli inapimwa uzito, inakaushwa kwa digrii 105, inapimwa tena, na uzito uliopungua ndio unyevu. Utaratibu wa labo uliruhusu digrii 2 juu au chini, yaani kutoka 103 hadi 107. Watu hulipia madini makavu, hawalipii maji. Kwa hiyo unyevu ukikosewa, tani zinakosewa.

Cheti cha mwaka uliotangulia kilitoka katika labo nyingine ya etalonaji, na safu yake ya tatu ilikuwa ya kosa: kinachoonyeshwa na kifaa, toa thamani ya etaloni. Kwenye nukta ya 105 kiliandika +1,3. Cheti kipya kilikuwa na safu ya tatu yenye kichwa kilichofupishwa, herufi nne na nukta. Mimi nilikuwa na tafsiri yangu ya zamani kwenye kompyuta. Niliifungua, nikabadilisha tarehe, namba ya cheti na tarakimu, nikaacha vichwa vya safu kama vilivyokuwa. Kwenye 105 nikaandika −1,5 chini ya neno "Kosa".

Herufi zile nne zilikuwa kifupi cha sahihisho. Sahihisho ni kile unachoongeza kwenye usomaji ili ufike kwenye thamani ya etaloni. Ni kosa lililogeuzwa alama. Kifaa chenye kosa la +1,5 kina sahihisho la −1,5. Vyeti vyote viwili vilisema jambo lilelile, kwamba kipimajoto kinasoma juu kupita kiasi. Karatasi yangu ilisema kinasoma chini.

Mafundi walifanya kwa uaminifu kile karatasi ilichowaambia. Kama kosa ni −1,5, basi kifaa kikionyesha 103,5 joto ni 105. Wakaiweka tanuri hadi kifaa kikaonyesha 103,5. Lakini kwa kweli kifaa kilikuwa kinazidisha, na ndani ya tanuri mlikuwa na 102,0. Nje ya mpaka kwa digrii nzima, na shaka ya 0,3 haitoshi kuifunika. Linaloniuma zaidi ni hili: kama wasingesoma karatasi yangu hata kidogo, wangeweka 105, tanuri ingekuwa na 103,5, na wangebaki ndani ya mpaka.

Aliyegundua ni fundi wa zamu, yuleyule wa 0,6, na aligundua kwa barafu. Labo nzuri haingoji cheti cha mwaka ujao. Kati ya cheti na cheti inajichunguza yenyewe. Kwa kipimajoto njia rahisi ni hii: unasaga barafu ya maji yaliyotoneshwa, unaijaza kwenye chupa ya termosi, unamwagia maji hayohayo kidogo mpaka nafasi kati ya vipande ijae, unazamisha ncha ya kifaa na kungoja usomaji utulie. Pale ni digrii 0 bila kumuuliza mtu. (Barafu ya wauza samaki haifai, chumvi na uchafu hushusha kiwango cha kuganda, na utalaumu kifaa kwa dhambi ya maji.)

Kwenye nukta ya 0 karatasi yangu ilisema: Kosa −0,4, shaka 0,2. Akatarajia kuona −0,4. Akaona +0,4. Akasaga barafu nyingine. Tena +0,4. Tofauti ya 0,8 ni mara nne ya shaka, haiwezi kusingiziwa bahati. Akaenda kwenye faili, akatoa cheti cha Kiingereza, lugha asiyoisoma, akakiweka kando ya karatasi yangu na kulinganisha herufi kwa herufi. Alama zilifanana. Ndipo akatoa na cheti cha mwaka jana, akaniuliza mbele ya Papa wa labo, kwa upole ulionishinda: "Mwanangu, kifaa hiki mwaka jana kilikuwa kinapandisha. Nani alikigeuza?"

Swali hilo nilipaswa kujiuliza mwenyewe nilipokuwa nafuta +1,3 na kuandika −1,5 mahali pake. Kipimajoto ambacho hakijaanguka wala kutengenezwa hakivuki sifuri hivyo katika mwaka mmoja. Sikuhitaji kujua fizikia. Nilihitaji tu kusoma nilichokuwa nafuta.

Siku kumi na moja za matokeo ya unyevu ziliwekwa kando. Sampuli za akiba zilizofungwa vizuri zilikaushwa upya, na barua zikaandikwa kwa wateja, kwa kuwa kanuni inataka kazi isiyolingana na utaratibu ishughulikiwe waziwazi. Mimi niliandika tafsiri ya barua hizo. Hakuna aliyenidai kitu, na sijui kama hiyo ilikuwa afadhali.

Karatasi ya ukutani nimeiandika upya mara tatu. Katika ya kwanza niliweka kichwa "Sahihisho", lakini watu waliliona kama la mwalimu anayesahihisha mtihani: jambo lililokwisha fanywa na mwingine, si la kufanya wao. Katika ya pili niliweka "Ongeza", na wakauliza mtu anaongezaje −1,5. Ya tatu haina kosa wala sahihisho. Ina safu mbili: "Kifaa kikionyesha" na "Joto ni". Kwenye mstari wa tanuri imeandikwa 106,5, na mkabala wake 105,0, shaka 0,3. Mwanzoni niliandika "Joto la kweli ni", na fundi akalifuta neno "kweli" kwa kalamu. Alisema kama lingekuwa la kweli tusingehitaji ile 0,3.