Yuro Mbili

"Ni yuro mbili tu, Mzee. Mfadhili mzima atatunyima ruzuku kwa yuro mbili?"

Kijana aliyeniuliza hivyo ni mhasibu wa shirika dogo la afya hapa Dar es Salaam, ambalo hunialika mara kwa mara kupitia hesabu tangu nistaafu. Ana cheti kizuri, ni mwaminifu, na kompyuta anaijua kuliko nitakavyowahi kuijua mimi. Swali lake liliniudhi, kisha likanirudisha mbali, kwa mzee aliyenifundisha kazi.

Huyo alikuwa mhasibu mkuu wa ofisi niliyoanzia kazi miaka ya sabini, karibu na Posta. Ukipanda ngazi, kabla hujamwona, unamjua kwa harufu: wino, karafuu aliyokuwa akitafuna baada ya chakula cha mchana, na mafuta ya cherehani aliyoyatia kwenye mashine yake ya kujumlishia. Mashine yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito, ina mkono wa kuvuta pembeni na utepe wa karatasi unaotoka juu. Kila namba aliyoiingiza ilichapwa kwenye utepe. Akimaliza, anaukunja utepe na kuubana kwa pini kwenye ukurasa wa daftari, ili atakayekuja baada yake aone alichojumlisha.

Daftari lilikuwa lile pana lenye safu nyingi. Bajeti ya mwaka ilijaa kurasa mbili zilizofunguliwa. Alitufundisha kujumlisha kila safu kutoka juu kwenda chini, halafu kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na jumla mbili zikutane kwenye kona ya chini kulia. Zisipokutana hakuna kwenda nyumbani. Namkumbuka jioni moja tukitafuta senti tano. Tulirudia safu zote, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikitia alama kwa penseli nyekundu, mpaka tukaikuta kwenye mstari wa posta na simu: mtu aliandika .15 mahali pa .10. Hakugomba. Alifuta, akaandika upya, akatia saini ndogo pembeni, ndipo akachukua koti lake.

Sarafu za senti tano, ishirini na hamsini zilitoka mwaka 1966 pamoja na shilingi yetu. Senti wakati ule zilikuwa na thamani. Dola moja ilikuwa shilingi saba na ushei. Mhasibu aliyeacha senti aliacha fedha.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hatukulitambua kwa sababu hatukuwa na kitu cha kulilinganisha nalo. Kwenye karatasi, namba uliyoiona ndiyo namba uliyoijumlisha. Ukigawanya ukapata baki ndefu, ulilazimika kuamua hapo hapo: utaipandisha au utaishusha? Uamuzi huo uliandikwa kwa wino, na kutoka hapo baki haikuwapo tena.

Zikaja kompyuta. Kwanza Lotus 1-2-3 kwenye skrini za kijani, baadaye Excel. Senti zetu zikapotea mifukoni, shilingi ikashuka, mashine za chuma zikauzwa kama vyuma chakavu. Mzee alishafariki.

Sasa nirudi kwa kijana. Mfadhili alitangaza ruzuku isiyozidi yuro 150,000, na gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Kijana alitengeneza bajeti kwenye Excel, akaifanya ioneshe yuro nzima bila nukta, kama fomu ilivyotaka. Chini ilisomeka 140,187 kwa gharama za moja kwa moja, 9,813 kwa uendeshaji, jumla 150,000. Ilipendeza.

Tatizo ni kwamba Excel ikiambiwa ioneshe namba bila nukta haiziondoi nukta hizo. Inazificha tu, na ikijumlisha inajumlisha na zilizofichwa. Tazama mistari mitatu ya bajeti yake. Nauli ya wahudumu wa afya ya jamii 60, kila mmoja shilingi 10,000 kwa mwezi kwa miezi 24, ni malipo 1,440. Kwa kiwango alichotumia cha shilingi 2,640 kwa yuro moja, inatoka 5,454.55. Mstari wa mafunzo ulikuwa 12,450.60 na wa uchapishaji 8,317.55. Jumla halisi ni 26,222.70, na skrini ikaonesha 26,223. Lakini macho yanaona 12,451, na 8,318, na 5,455, ambazo ukizijumlisha kwa mkono unapata 26,224. Yuro moja imezaliwa hapo. Mistari mingine ikazaa ya pili.

Kijana akanakili namba alizoziona, mstari kwa mstari, kwenye fomu ya mfadhili. Fomu haikujua chochote kuhusu nukta zilizofichwa. Ikajumlisha ilichopewa: gharama za moja kwa moja 140,189, na pamoja na uendeshaji, 150,002. Naye tayari alishaandika 150,000 kwenye barua ya maombi.

Barua pepe ya mfadhili ilikuwa fupi. Jumla mbili hazilingani, na mojawapo imevuka kikomo. Maombi yaliyovuka kikomo hayaendelei kwenye tathmini. Leteni ufafanuzi ndani ya siku mbili za kazi. Kulikuwa na wahudumu 60 waliokuwa wakisubiri nauli hiyo, na mkurugenzi hakulala.

Nilimkalisha kijana, nikamwomba achukue kikokotoo cha kawaida na kujumlisha namba anazoziona, si zile Excel inazozijua. Alipofika 140,189 alinyamaza. Kisha tukarekebisha. Kila mstari tuliufanya uamue wenyewe kabla ya kujumlishwa, na uendeshaji tukaushusha daima, usipandishwe kamwe:

```
=ROUND(C2*D2,0)
=ROUNDDOWN(SUM(E2:E40)*0.07,0)
```

Hilo la kushusha lina sababu. Ukipandisha 9,813 iwe 9,814 umevuka asilimia 7 kwa sehemu ndogo sana, na fomu hukataa hata hiyo. Baada ya fomula hizo, jumla ya Excel nayo ikasoma 150,002, yaani ikaacha kudanganya. Tukapunguza yuro mbili kwenye vifaa vya ofisi: 140,187 na 9,813, jumla 150,000, chini na kukingama. Ufafanuzi ulitumwa kabla ya muda kwisha. Ruzuku ilipatikana.

Kinachoniuma ni kwamba kijana hakuwa mzembe. Alipita chuoni miaka mitatu bila mtu kumwambia kwamba kuzificha nukta na kuziondoa ni mambo mawili. Fomula ngumu alifundishwa nyingi. Kujumlisha kwa njia ya pili, kwa chombo kingine, kabla ya kutia saini, hakufundishwa, kwa sababu inaaminika kompyuta haikosei. Na kweli haikukosea. Ilijibu swali ambalo yeye hakujua kwamba ameuliza.

Walimu wa vyuo vya uhasibu, nawaomba somo moja kwenye muhula wa kwanza. Wapeni wanafunzi bajeti ya mistari arobaini iliyoficha nukta zake, na kikokotoo chenye utepe au kisicho na utepe, na asiruhusiwe mtu kutoka darasani mpaka jumla mbili zikutane.